Mwajiri mwenye kinga ya kidiplomasia: ni lini mahakama inaweza kumfikia

*Dada yangu alifanya kazi za ndani nyumbani kwa ofisa wa ubalozi katika nchi ya kigeni. Pasipoti yake ilifungiwa kabatini, hakuruhusiwa kutoka peke yake, na mshahara wa miezi mingi hakulipwa. Alipotoroka, wakili mmoja alimwambia asipoteze muda wake kwa sababu yule bwana ana kinga na hashtakiki. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kinga hiyo ni ya maisha?*

Wakili huyo alisema jambo la kweli, lakini aliishia katikati. Ofisa wa ubalozi anapokuwa bado kazini, mahakama za nchi anakohudumu kwa kawaida haziwezi kumhukumu, na kwa upande wa jinai haziwezi kabisa, hata kama kosa ni kubwa kiasi gani. Hata hivyo, kinga hiyo si ya maisha, haifuti deni, na katika shauri linalofanana sana na la dada yako majaji wamekwisha kuamua kwamba mwajiri anaweza kushtakiwa. Ili kujua mlango upi uko wazi kwake, inabidi kwanza kuelewa kinga hii ni ya nani na inafunika nini.

Kinga ya kidiplomasia inatawaliwa na Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kidiplomasia wa mwaka 1961, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia. Utangulizi wake unatamka wazi kwamba kinga hazikuwekwa ili kuwanufaisha watu binafsi, bali kuziwezesha balozi kufanya kazi zake kwa niaba ya nchi zao. Kwa hiyo mwenye kinga hasa ni nchi iliyomtuma ofisa huyo. Yeye anaibeba tu kwa muda wa utumishi wake. Ndiyo maana hawezi kuikana kwa hiari yake mwenyewe, na ndiyo maana nchi yake inaweza kuiondoa bila ridhaa yake, mradi itamke hivyo waziwazi. Jambo hilo limewahi kutokea. Mwezi Januari 1997, naibu balozi wa Georgia mjini Washington alisababisha ajali ya gari akiwa amelewa, na binti wa miaka 16 akafariki. Serikali ya Georgia iliondoa kinga yake, akakiri makosa, na akahukumiwa kifungo cha miaka 7 hadi 21 katika mahakama ya Marekani. Nchi nyingi hazifanyi hivyo. Humrudisha mtu wao nyumbani kimyakimya, na nchi iliyompokea hubaki na silaha moja tu, ambayo ni kumtangaza kuwa mtu asiyetakiwa na kumpa muda wa kuondoka.

Mkataba huo una aina mbili za ulinzi, na watu wengi, mawakili wakiwemo, huzichanganya. Ya kwanza inamfunika mtu mwenyewe. Maadamu ofisa yuko kazini, hakamatwi, hashtakiwi kwa jinai, wala hafunguliwi madai ya kawaida, iwe jambo linalolalamikiwa alilifanya ofisini au jikoni kwake. Ulinzi huu unapimwa kwa cheo na tarehe tu. Mahakama haiulizi alifanya nini. Ya pili inafunika tendo. Hiyo ndiyo inayobaki baada ya utumishi kwisha, na Ibara ya 39 inaihifadhi kwa matendo aliyoyafanya katika kutekeleza majukumu yake ya ubalozi pekee. Ripoti aliyoiandikia serikali yake, au viza aliyomnyima mtu, haitamfuata mahakamani hata miaka thelathini baadaye. Mshahara wa mfanyakazi wake wa ndani ni jambo jingine kabisa.

Mgawanyo huo hauko katika diplomasia tu. Tarehe 14 Februari 2002, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua kwamba Ubelgiji ilikosea kutoa hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hati hiyo ilipotolewa, ingawa tuhuma zilihusu makosa ya kivita na makosa dhidi ya ubinadamu. Waziri wa mambo ya nje, kama ilivyo kwa mkuu wa nchi, analindwa nafsi yake yote akiwa madarakani. Mahakama hiyohiyo ilitamka kwamba akishatoka madarakani, mahakama ya nchi nyingine yenye mamlaka inaweza kumshtaki kwa matendo ya kabla na baada ya kipindi chake, na kwa matendo binafsi aliyoyafanya akiwa kazini. Kanuni ni ileile, ila waliosimama mahakamani ni wakubwa zaidi.

Sasa turudi nyumbani kwa ofisa wa ubalozi. Shauri ambalo ningependa wakili wa dada yako alisome kwanza liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 18 Oktoba 2017. Mdai alikuwa mwanamke kutoka Ufilipino aliyefanya kazi za ndani mjini London kwa wiki chache tu, kuanzia Januari hadi Machi 2011, kwa ofisa wa ubalozi wa Saudi Arabia na mkewe. Alidai kwamba alinyang'anywa pasipoti, alifanyishwa kazi kupita kiasi, hakupewa mahali pazuri pa kulala, na hakulipwa. Alifungua shauri katika baraza la usuluhishi wa kazi, na mwajiri akaleta kinga. Ngazi ya rufaa ilikubaliana na mwajiri. Lakini shauri likiwa linaendelea kupanda ngazi, ofisa huyo alimaliza utumishi wake na kuondoka Uingereza mwezi Agosti 2014, na jambo hilo moja ndilo lililogeuza matokeo. Majaji wote walikubaliana kwamba tangu siku ya kuondoka kwake, kilichobaki ni ile kinga ya matendo ya kikazi, na kumwajiri mtu wa kusafisha, kupika na kumhudumia ofisa nyumbani kwake si sehemu ya majukumu ya ubalozi, hata kama huduma hiyo inampa nafasi ya kufanya kazi yake vizuri. Madai yakaruhusiwa kuendelea.

Mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York ilikuwa imefikia hapohapo mwaka 2010, katika shauri la mfanyakazi wa ndani dhidi ya aliyekuwa ofisa wa ujumbe wa Kuwait katika Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo, kwa swali lako la pili jibu ni hili: ulinzi wa mtu mwenyewe unakwisha anapoondoka nchini baada ya utumishi wake kukoma, au muda wa kutosha aliopewa wa kuondoka unapopita, na madai ya kazi za nyumbani kwake hayamo katika kile kinachobaki baada ya hapo.

Kesi ya naibu konseli mkuu wa India mjini New York inaonyesha jinsi tarehe na cheo vinavyoweza kubadilisha kila kitu ilhali tendo ni lilelile. Mwezi Desemba 2013 alikamatwa kwa tuhuma kwamba katika maombi ya viza ya mfanyakazi wake wa ndani alieleza mshahara wa dola 9.75 kwa saa, wakati makubaliano halisi yalikuwa takribani dola 3.31. Alikamatika kwa sababu makonseli hawamo katika mkataba wa 1961. Wanao wao wa mwaka 1963, ambao unawalinda kwa matendo ya kikazi pekee. India ikamhamishia katika ujumbe wake wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 8 Januari 2014 akapata hadhi kamili ya kidiplomasia. Kesho yake hati ya mashtaka ikatolewa. Mwezi Machi jaji aliifuta hati hiyo, kwa kuwa siku ilipotolewa mshtakiwa alikuwa na kinga kamili. Siku mbili baada ya kufutwa, waendesha mashtaka walitoa hati mpya yenye tuhuma zilezile, maana wakati huo alikwisha kuondoka nchini na hadhi ile imekoma. Ndani ya miezi minne mtu huyo alikuwa wa kukamatika, kisha asiyeguswa, kisha mshtakiwa tena.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ninalomshauri dada yako ni kujua kwa hakika mwajiri wake alikuwa nani kisheria, kwa kuwa watu hutaja "ubalozi" kwa ujumla na kuufanya ukuta kuwa mrefu kuliko ulivyo. Akiwa ofisa wa kidiplomasia, yote niliyoyaeleza yanamhusu, pamoja na mke au mume na watoto wanaoishi naye. Akiwa mtumishi wa utawala au ufundi, kama vile karani wa fedha au fundi wa mawasiliano, halindwi dhidi ya madai yanayotokana na mambo aliyoyafanya nje ya kazi zake, kwa hiyo anaweza kudaiwa mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hata leo hii akiwa bado kazini, ingawa kwa jinai bado analindwa kama wakubwa zake. Akiwa raia au mkazi wa kudumu wa nchi hiyohiyo anakofanyia kazi, ulinzi wake ni mwembamba zaidi. Wizara ya mambo ya nje ya nchi husika hutunza orodha ya watu wote walioandikishwa na balozi, na mahakama hutegemea cheti cha wizara hiyo kuthibitisha hadhi ya mtu na tarehe zake. Nimeona mashauri yakiachwa kwa kuogopa kinga ambayo mdaiwa hakuwa nayo kabisa, kwa vile tu alikuwa akiendesha gari lenye namba za ubalozi.

Tuseme sasa kwamba bwana huyo ni mwanadiplomasia kamili na bado yuko kazini. Hapa ndipo wakili wa dada yako alipoishia, na hadi mwaka 2022 wanasheria wengi wangeishia hapohapo. Ibara ya 31 ya mkataba inaacha matundu matatu katika kinga ya madai: mashamba na nyumba anazomiliki kama mtu binafsi katika nchi aliko, mambo ya mirathi anayohusika nayo kwa nafsi yake, na shughuli za kitaaluma au za kibiashara anazozifanya nje ya majukumu yake. Swali likawa: je, kumwajiri mfanyakazi wa ndani ni shughuli ya kibiashara? Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani ilijibu kwamba sivyo, kwa sababu kuajiri msaidizi wa nyumbani ni sehemu ya maisha ya kila siku ya ofisa, sawa na kununua mahitaji ya nyumba yake, na mkataba haukukusudia kumfungulia mlango wa mahakama kila mtu aliyemhudumia. Kwa ajira ya kawaida, hoja hiyo bado ina nguvu, na mimi mwenyewe naiona sahihi.

Lakini dada yako hakuwa katika ajira ya kawaida, na tofauti hiyo ndiyo iliyopimwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 6 Julai 2022. Mdai, naye kutoka Ufilipino, alidai kwamba alifungiwa ndani ya nyumba ya mwanadiplomasia wa Saudi Arabia na kutoka kwa ajili ya kutupa takataka tu. Kwamba alifanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano na nusu usiku bila siku ya mapumziko, huku akivaa kengele ya mlangoni ili aitwe wakati wowote. Kwamba alikula makombo ya familia. Kwamba aliruhusiwa kuzungumza na ndugu zake mara mbili tu kwa mwaka. Na kwamba baada ya muda hakulipwa chochote, hadi alipotoroka mwezi Mei 2018. Mwajiri wake alikuwa bado mwanadiplomasia, kwa hiyo njia ya mwaka 2017 haikuwepo. Majaji watatu kati ya watano waliamua kwamba, kama madai hayo ni ya kweli, kumshikilia mtu katika hali isiyo ya hiari na kujinufaisha kwa jasho lake bila malipo ni shughuli ya kibiashara ndani ya maana ya Ibara ya 31, na kinga haifanyi kazi. Faida iliyozingatiwa ilikuwa ni fedha ambazo mwajiri alizibakiza mfukoni kwa kutomlipa mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kuondoka.

Majaji wawili walipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Walisema kwamba masharti mabaya ya kazi, hata yawe mabaya kupindukia, hayaigeuzi kazi ya nyumbani kuwa biashara, na kwamba Uingereza ikiutafsiri mkataba peke yake kwa namna hiyo, wanadiplomasia wake wenyewe wanaweza kulipiziwa kwingine. Mimi nawaona walio wengi kuwa walikuwa sahihi, ila ni lazima niseme wazi kwamba uamuzi huo unazifunga mahakama za Uingereza tu. Mahakama ya nchi nyingine inaweza kuufuata kwa kuvutiwa na hoja zake, au ikakataa na kurudi kwenye msimamo wa mwaka 1996. Zaidi ya hayo, mahakama ilipokea maelezo ya mdai kama yalivyo ili kuamua suala la kinga pekee; kuyathibitisha kulibaki kuwa kazi ya baadaye. Na mstari uliochorwa ni mwembamba: kulipwa kidogo, kufanyishwa kazi kupita saa au kutukanwa, kila kimoja peke yake, hakitoshi. Kinachotafutwa ni dalili kwamba mtu hakuwa na hiari, kama vile pasipoti iliyofungiwa, mlango uliofungwa, simu iliyozuiwa, mshahara ulioshikiliwa ili asiondoke, au vitisho vya polisi na uhamiaji. Hayo uliyoyataja katika swali lako yanaelekea upande huo, nami ningetaka yaandikwe mapema, yakiwa na tarehe, kabla kumbukumbu hazijafifia.

Inawezekana pia kwamba mkataba wa dada yako ulisainiwa na ubalozi wenyewe badala ya ofisa. Hapo tunaacha kinga ya kidiplomasia na kuingia katika kinga ya nchi, yaani kanuni kwamba nchi moja haihukumiwi na mahakama za nyingine. Zamani kinga hiyo ilikuwa kamili. Siku hizi mahakama za nchi nyingi hutofautisha kati ya matendo ya kiutawala, ambayo nchi pekee inaweza kuyafanya, na matendo ambayo mtu yeyote angeweza kuyafanya, kama kununua saruji au kukodi nyumba. Siku ileile ya 18 Oktoba 2017, majaji haohao wa London waliamua mashauri ya wanawake wawili raia wa Morocco, mmoja akiwa mpishi katika ubalozi wa Sudan na mwingine mfanyakazi wa ndani katika ubalozi wa Libya. Waliona kwamba kuajiri mtu wa kupika na kusafisha ni tendo la aina ya pili, na kwamba vifungu vya sheria ya Uingereza ya mwaka 1978 vilivyozipa balozi kinga kamili dhidi ya madai ya namna hiyo vilikwenda mbali kuliko sheria ya kimataifa inavyotaka. Hata hivyo, nchi haipelekewi wito wa mahakama kwa kubandika karatasi kwenye geti la ubalozi wake. Kwa utaratibu wa Uingereza, hati hupitia wizara ya mambo ya nje hadi wizara mwenzake katika nchi inayodaiwa, na muda wa kujibu huanza kuhesabiwa miezi miwili baada ya kupokelewa. Mashauri mengi yenye haki yamekwama katika hatua hii kwa sababu ya kutuma barua mahali pasipotakiwa.

Kushinda nako si mwisho wa safari. Kinga dhidi ya kuhukumiwa na kinga dhidi ya kukazwa hukumu ni vitu viwili, na nchi ikiondoa ile ya kwanza haimaanishi kwamba imeondoa ya pili. Makazi ya mwanadiplomasia hayaingiliki, gari la ubalozi halikamatwi, na tangu mwaka 1984 mahakama za Uingereza zimeshikilia kwamba akaunti ya benki inayotumika kuendesha ubalozi haiguswi, hata kama sehemu ya fedha zake hutumika kununulia bidhaa. Kwa ofisa ambaye amekwisha kuondoka nchini, hukumu itabidi ifuate mali zake aliko. Kwa uzoefu wangu, fedha katika mashauri haya mara nyingi hupatikana kwa njia nyingine: wizara ya mambo ya nje inapoandikia ubalozi kuomba kinga iondolewe, serikali iliyomtuma hujikuta ikichagua kati ya kuondoa kinga, kumrudisha mtu wake, au kumwamuru alipe, na hili la tatu ndilo lenye gharama ndogo kwake. Ndiyo maana barua kwa wizara iende mapema, hata kabla ya shauri kufunguliwa, ikiambatanishwa na nakala ya mkataba wa kazi, ukurasa wa viza unaomtaja mwajiri na hesabu ya miezi isiyolipwa.

Na ikiwa kila mlango katika nchi ile umefungwa, mkataba wenyewe, katika aya ya mwisho ya Ibara ya 31, unasema kwamba kinga hiyo haimwondoi mwanadiplomasia chini ya mahakama za nchi yake. Kumdai huko ni ghali na ni mbali, na dada yako atahitaji wakili wa huko, lakini hapo bwana huyo ni raia wa kawaida aliyekataa kulipa mshahara. Jambo la kuangalia sana ni ukomo wa muda wa kufungua madai. Katika baadhi ya nchi madai ya mshahara hufa baada ya miezi michache tu, na dada yako asichukulie kwamba muda umesimama kumsubiri ofisa amalize utumishi wake. Wakili wake aulizwe leo tarehe ya mwisho ni ipi, katika nchi zote mbili.